Kusababishwa si kushurutishwa: utetezi wa hiari

Madereva wawili wanapita taa nyekundu, kila mmoja kwenye njia panda yake, na kila mmoja anamgonga mtembea kwa miguu. Wa kwanza alishikwa na kifafa ghafla, mara ya kwanza maishani mwake. Wa pili alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu. Mwanasayansi mwenye vifaa kamili angefuatilia matukio yote mawili ndani ya ubongo, hatua kwa hatua, na pasipatikane pengo hata moja. Hata hivyo tunamhurumia wa kwanza na kumlaumu wa pili. Wapo wanaosema tunakosea: kama kila tukio lina kisababishi chake, hakuna mwenye hiari. Ninatetea hapa kwamba hatukosei, na kwamba tofauti hiyo ingebaki hata kama kila tukio ulimwenguni limefungwa kikamilifu na yaliyolitangulia. Hiari ni uwezo wa mtu kuzipokea hoja, kuzipima na kuongozwa nazo. Uwezo huo hauhitaji visababishi vikatike.

Lugha yetu yenyewe inatutega. Tunasema "sababu ya moto ni waya uliochubuka" na pia "nina sababu zangu za kukataa". Neno ni moja, mambo ni mawili: kisababishi kinachosukuma, na hoja inayoshawishi. Lakini lugha hiyohiyo inatuokoa kwingine. Anayetenda kwa hiari tunamtofautisha na aliyeshurutishwa, na methali inasema hiari yashinda utumwa. Kinyume cha hiari ni kulazimishwa. Mwanafalsafa David Hume alilisisitiza jambo hili mwaka 1748, nami naona bado ndiyo hatua ya kwanza ya mjadala mzima.

Mrudie dereva wa pili. Angemwona askari wa barabarani mita hamsini mbele, angeiweka simu chini. Mtoto wake angekuwa kiti cha nyuma akimwambia "baba, taa!", angekanyaga breki. Tendo lake lilipita katika njia inayosikia hoja. Yule wa kifafa hata wangesimama askari kumi, mguu wake usingebadilika. Visababishi vipo pande zote mbili. Kinachotofautiana ni mahali vilipopita.

Wapo wanaodhani hiari itaokolewa na fizikia ya chembe ndogo, ambako baadhi ya matukio yanaonekana kutokea kwa bahati tu. Sioni msaada wowote hapo. Uamuzi unaochomoza kichwani kwa bahati nasibu ni wangu kidogo kuliko ule unaotokana na tabia yangu na mambo ninayoyathamini.

Pingamizi zito ni la mwanafalsafa Peter van Inwagen, alilolipanga kwa makini mwaka 1983. Kama kila tukio limefungwa, basi matendo yetu ni matokeo ya sheria za maumbile pamoja na hali ya ulimwengu kabla hatujazaliwa. Sheria hizo haziko mikononi mwetu, wala zama hizo. Basi matokeo yake nayo hayako mikononi mwetu. Hoja hii inauma, na anayeicheka hajaielewa. Jibu langu liko katika neno "mikononi". Zamani haiko mikononi mwangu kwa maana kwamba hata nikitaka, nikijaribu, haibadiliki. Tendo langu la leo haliko hivyo: ningetaka vinginevyo, ningetenda vinginevyo. Ulimwengu haukupita kando yangu kufikia tendo hilo. Ulipitia kutafakari kwangu. Hoja ile inahamisha kutoweza kwa namna ya kwanza hadi kwenye jambo linalotegemea kutaka kwangu.

Mpinzani hakomi hapo. Atauliza: je, kama mtaalamu mwovu angeuchezea ubongo wangu usiku, akapandikiza tamaa fulani, nikaamka na kutenda kwa kutafakari vizuri kabisa? Hapa nakiri kwamba masharti yangu ya mwanzo hayatoshi. Inabidi niongeze historia: uwezo wa kusikia hoja uwe umekua kwa mtu mwenyewe, kwa kukosea, kukosolewa na kujirekebisha, na asiwe amenyimwa nafasi ya kuikagua tamaa mpya kabla ya kuifuata. Malezi yanatuumba, kweli, lakini malezi mazuri hutuachia pia zana za kuyahoji malezi yenyewe. Yule mtaalamu hukwepa zana hizo makusudi.

Gharama ya msimamo huu naikubali waziwazi. Hakuna aliyejiumba tangu mwanzo, kwa hiyo adhabu inayotaka mtu ateseke kwa ajili ya mateso yenyewe haina msingi ninaoweza kuutetea. Kinachobaki ni kwamba dereva wa pili anaweza kuulizwa "kwa nini uliitazama simu?", akalielewa swali, akaona aibu, na safari ijayo akaiweka simu kwenye mkoba kabla ya kuwasha gari.