Soketi Hailali: Maneno ya Baba kwa Zuhura, Idrisa na Tunu

Njooni mkae hapa mkekani. Idrisa, sogea karibu yangu, wala usiogope, leo sina hasira. Zuhura, mpakate mdogo wako asije akatambaa. Kila mmoja atauliza anachotaka, na hatuondoki hapa mpaka tumeelewana.

Jana mama yenu alinipigia simu nikiwa kazini, juu ya ngazi. Akaniambia Idrisa alishika pini ya nywele ya dada yake, akawa anaisukuma kwenye tundu la soketi, ile ya nyuma ya kochi. Bahati nzuri Zuhura alimwona akapiga kelele. Nilishuka ngazi nikakaa chini kwanza, maana miguu ilikuwa haina nguvu. Niliporudi nyumbani nikamuuliza, "Mwanangu, ulikuwa unafanya nini?" Akanijibu, "Nachomeka chaja kama baba."

Alisema kweli, aliniona. Ile chaja ya miguu miwili haiingii kwenye soketi yetu ya matundu matatu, basi mimi huchukua kalamu, nikaisukuma kwenye tundu la juu, chaja ikaingia. Mimi fundi umeme, na ninajua si vizuri. Nimekosa, wanangu, naomba mnisamehe. Leo nimenunua adapta, hii hapa nyeupe. Kuanzia leo ndani ya nyumba hii hakuna mtu anayetia kalamu kwenye soketi: si mimi, si mama, si mgeni. Mkiona mtu mzima anafanya hivyo, mwambieni, "Baba amekataza." Hamtakuwa mmekosa adabu.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe.

Watu wengine huwaambia watoto kwamba ndani ya soketi kuna zimwi. Mimi sitawaambia hivyo, kwa sababu hakuna. Kilichomo ni umeme, na umeme ni kitu cha kweli. Ndio unaowasha taa, unaozungusha feni, unaogandisha barafu mnazopenda. Unatengenezwa mbali, sehemu nyingine kwenye mabwawa makubwa, kama lile la Kidatu huku kwetu Morogoro. Maji yanashuka kwa nguvu, yanazungusha mashine kubwa sana, umeme unatokea. Kisha unasafiri kwenye nyaya, unapita milima na mashamba ya miwa, unafika kwenye nguzo yetu pale nje, unaingia ukutani, unakuja kusubiri hapa. Unasubiri mchana na usiku. Sisi tukilala, soketi hailali.

Umeme hauna rangi, hauna harufu, haupigi kelele. Moto ukiukaribia unasikia joto, unajitoa mwenyewe. Mbwa mkali hubweka kwanza. Umeme haukuonyi. Unajua upo pale ukiwa umeshakupiga.

Una nguvu kiasi gani? Zuhura, nipe hiyo tochi. Angalieni betri hii kubwa. Nguvu yake ni volti 1.5, ndiyo maana naishika mkononi na hainifanyi kitu. Soketi ya nyumbani kwetu ina volti 230. Ukitaka kuipata nguvu hiyo kwa betri kama hizi, lazima uzipange zaidi ya 153, moja nyuma ya nyingine. Zingeanzia hapa mlangoni, zikapita uani, zikafika kwenye mwembe. Nguvu yote hiyo iko nyuma ya kitundu kisichopita hata kidole cha Idrisa.

Idrisa anauliza, mbona ndege wanakaa juu ya nyaya na hawafi? Swali zuri sana. Umeme wa nyaya hizo unatafuta njia ya kwenda chini, ardhini. Ndege ameshika waya mmoja, hajagusa kitu kingine, basi umeme hauna pa kushukia. Wewe umesimama sakafuni, tena peku. Ukigusa umeme, unaingia mkononi, unapita mwilini, unatokea miguuni. Wewe ndiwe unakuwa njia yake.

Na unapita mwilini kwa urahisi, kwa sababu mwili umejaa maji yenye chumvi. Lamba mkono wako ukiwa na jasho, utaionja hiyo chumvi. Chuma nacho hupitisha umeme. Kwa hiyo pini, msumari, kijiko, waya, ufunguo, hata kile kipande cha karatasi ya kung'aa ya biskuti, vyote ni daraja. Ukikitia kwenye tundu, umeme unavuka unakufikia.

Wekeni mkono kifuani, hivi, upande wa kushoto kidogo. Mnasikia? Du, du, du. Moyo wenu unapiga kwa umeme mdogo mno, ambao mwili unajitengenezea wenyewe. Ule wa soketi ni mkubwa. Ukipita hapo, moyo unachanganyikiwa, unaacha kupiga vizuri, na mtu anaweza kufa. Nasema kufa, wanangu, kama alivyokufa yule kuku wetu, haamki tena. Asipokufa anaweza kuungua, na anaungua hata ndani, chini ya ngozi, mahali usipopaona.

Shika kidole changu hiki, Zuhura. Unaona kovu, dogo kama punje ya mchele? Nilikuwa na miaka minane. Nilitaka kutengeneza redio ya babu yenu, nikashika waya uliochunika. Nilitaka kuuachia, mkono ukakataa. Ulijikunja wenyewe, ukaushika ule waya kwa nguvu, kwa sababu umeme ndio uliokuwa unauamrisha. Nilitaka kuita mama, sauti haikutoka. Kaka yangu, tayari mtu mzima, hakunigusa. Alikimbilia meini swichi akazima, nikaanguka. Angenishika mkono kunivuta, tungepigwa wote wawili. Hilo mlikumbuke, nitalirudia.

Simameni sasa, tuzunguke nyumba.

Soketi hii hapa ni ya sebuleni. Hatuisogelei na kitu chochote mkononi. Kidole hakiingii, pini haiingii, kalamu haiingii, majani ya fagio hayaingii. Wala tundu la juu, wala la kushoto, wala la kulia. Kile kifuniko cheupe cha plastiki nilichokiweka si cha kuchezea, nimekiweka kwa ajili ya Tunu, na anayekitoa ni mimi au mama tu. Ukitaka televisheni iwashwe, utasema, "Naomba uniwashie." Hata kama uko na hamu sana. Zuhura, wewe ukifika darasa la nne nitakufundisha kuchomeka na kuchomoa, nikiwa nimesimama pembeni yako. Sasa hivi bado.

Unasema swichi yake imezimwa, ile alama nyekundu haionekani? Hata hivyo usiguse. Fundi aweza kuwa alikosea kuunga nyaya, nimekutana nazo nyumba kama hizo. Na LUKU ikiisha je, au umeme ukikatika mtaa mzima? Usiguse pia. Umeme ukirudi haupigi hodi. Baba akiingiza tokeni, au wakiuwasha huko, unafika papo hapo.

Huku jikoni jambo kubwa ni maji. Maji na umeme havikai pamoja. Mkono uliolowa haushiki plagi, haushiki swichi, haushiki mlango wa friji. Umenawa, umekula, kwanza jifute kwa kile kitaulo pale msumarini. Ukimwaga maji karibu na friji usijaribu kudeki mwenyewe, ita mtu.

Bafuni kuna ndoo. Asubuhi za baridi mama hutia hita kuchemsha maji ya kuoga. Ukiona waya unaning'inia kwenye ndoo, husogei, hutii kidole kuonja kama maji yamepata moto. Ndoo nzima inaweza kuwa na umeme. Mama anapochemsha atafunga mlango huu, na mlango uliofungwa haufunguliwi.

Hapa chumbani kwenu kulikuwa na ekstensheni chini ya kitanda. Nimeiondoa leo, maana ndipo Tunu anapopenda kutambaa, na Tunu kila kitu anakipeleka mdomoni. Mdomo una mate, na mate ni maji. Kwa hiyo chaja ya simu ikimaliza kazi inachomolewa ukutani, inawekwa juu ya kabati. Mkiikuta imeachwa inaning'inia, mje mseme. Waya haurukwi kamba, hauvutwi, haufungwi mwanasesere. Ukiona waya umechunika, nyuzi zake za shaba zinang'aa kama dhahabu, ni nzuri kuangalia, lakini uziangalie kwa mbali ukiniita.

Vilevile soketi ikiwa na weusi, ikitoa cheche, ikinuka kama plastiki inayoungua, au ikilia zzz, toka mahali hapo uje useme. Usimwage maji. Na sikilizeni vizuri: anayekuja kusema hapigwi wala hafokewi. Hata kama yeye ndiye aliyeharibu, hata kama alitia kitu. Nataka mje mbio kuniambia, sitaki mjifiche.

Sasa lile la kaka yangu. Siku ukimwona mwenzako ameshika umeme, anatetemeka au ameanguka karibu na waya, humgusi. Hata awe Tunu, hata awe mama yenu. Najua utatamani kumvuta, kwa sababu unampenda. Ukimgusa, umeme unakushika na wewe, na hapo hakuna wa kuita msaada. Kazi yako ni miguu na sauti: unakimbia na unapiga kelele. Kuzima ile meini swichi pale juu ni kazi ya mtu mzima. Kama mimi na mama hatupo, kimbieni kwa Mama Shani, nyumba ya pili yenye geti la bluu. Nimeshaongea naye. Mkigonga kwa nguvu atajua.

Haya, tujaribu. Mama amekubali kuwa ndiye aliyepigwa na umeme, analala pale karibu na friji. Friji nimeichomoa, msiwe na wasiwasi. Idrisa, umeingia jikoni umemwona. Unafanya nini?

Hapana, umemshika mkono. Rudi mlangoni tuanze tena.

Haya. Umemwona. Simama. Mikono nyuma. Piga kelele: "Umeme! Umeme! Njooni!" Hivyo hivyo, lakini Mama Shani hajasikia, ongeza sauti. Sasa kimbia! Zuhura, wewe mbebe Tunu umfuate, msipitie jikoni, piteni mlango wa mbele. Nawasubiri hapa nje kwenye geti la bluu, halafu tutarudia mara ya tatu na Zuhura atakuwa wa kwanza kuona.