Tarehe 31 Aprili

Kiranja wa kengele hufika shuleni kabla ya mtu yeyote, kwa hiyo Sefu hakushtuka alipokuta barabara tupu. Siku zote aliikuta tupu. Hakushtuka hata alipoona geti limefungwa kwa mnyororo, maana Mzee Bakari, mlinzi, alikuwa na tabia ya kuchelewa kulifungua akiwa nyuma ya madarasa anajaza maji mapipa. Sefu alipenyeza begi kwanza, kisha kichwa, kisha akavuta pumzi na kupenyeza kiwiliwili kilichobaki. Shati likaachia kifungo kimoja. Akakiokota, akakitia mfukoni, akaenda zake chini ya mti ilikoning'inia kengele.

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, na nondo ya kuipigia hulala kwa Sefu. Hakuna aliyemwagiza aende nayo nyumbani. Ila siku mbili za mwanzo za uongozi wake aliiacha shuleni, na siku zote mbili alikuta watoto wa darasa la pili wanaitumia kuchimbia mashimo ya gololi. Tangu hapo inasafiri ndani ya begi pamoja na madaftari, na madaftari yake yote yana kutu pembeni.

Alisimama akisubiri. Alikuwa na saa ya mkononi aliyorithi kwa kaka yake, kubwa kuliko mkono wenyewe, na aliiamini kabisa. Ilisema saa kumi na mbili na dakika hamsini. Kengele ya kwanza hupigwa saa moja kamili, ile ya kuwaambia walio njiani wakaze mwendo. Ufagio wa uwanjani haukusikika, na hilo aliliona. Akajisemea kwamba wenye zamu ya usafi leo ni darasa la sita, na darasa la sita wanajulikana.

Ilipotimia saa moja kamili, akapiga.

Lazima niseme kwamba Sefu alikuwa mpigaji mzuri. Wengine hugonga rimu kama wanaoidai pesa. Yeye alianza taratibu, akaongeza, kisha akamalizia kwa mapigo ya haraka haraka yasiyohesabika, na asubuhi tulivu kama ile sauti ilikwenda mbali kuliko kawaida kwa sababu hapakuwa na pikipiki wala kelele za watoto za kuimeza.

Wa kwanza kutokea alikuwa Mzee Bakari, mbio, ndoo mkononi, koti la usiku bado mwilini.

"Moto uko wapi?"

"Shikamoo, Mzee Bakari. Hakuna moto. Ni kengele ya kwanza."

Mzee Bakari alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasahau hata kuitikia salamu. "Kengele ya kwanza ya nini?"

Kabla Sefu hajajibu, mlango wa nyumba ya mwalimu mkuu, iliyoko nyuma ya ofisi, ulifunguka kwa kishindo. Mwalimu mkuu alitoka na taulo begani na mswaki mdomoni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Sefu kuona kwamba mwalimu mkuu ana vidole vya miguu. Nyuma ya geti walikuwa wameshaanza kujaa majirani. Mama mmoja alibeba karai la mchanga. Mzee mwingine aliuliza kwa sauti ya chini nani amefariki, na aliyekuwa pembeni yake, ambaye hakujua kitu, akajibu kwamba inasemekana ni mtu wa ofisini.

Kisha wakaja wanafunzi. Wale ndio waliomtia Sefu moyo. Walikuwa watano au sita, wengi wao wadogo, wanakimbia huku wanavaa. Mmoja alikuwa na sare juu na nguo ya kulalia chini. Msichana wa darasa la tatu alifika analia, kwa sababu mama yake alimwambia alale, leo hakuna shule, na sasa kengele imelia na yeye amechelewa.

"Unaona?" Sefu akamwambia Mzee Bakari. "Wamekuja."

Mwalimu mkuu alitoa mswaki mdomoni. "Sefu. Leo tarehe ngapi?"

Sefu alisimama wima. Swali la namna hiyo alilipenda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiandika tarehe ubaoni kila asubuhi darasani kwao.

"Leo ni tarehe 31 Aprili, mwalimu. Kesho ndiyo tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, tunapumzika."

Nyuma ya geti mtu alicheka, akanyamazishwa. Mama mwenye karai akaliweka chini.

"Tarehe 31 Aprili," alirudia mwalimu mkuu polepole. "Nani amekwambia Aprili ina siku 31?"

"Ngumi, mwalimu."

Alikunja mkono wa kushoto akauinua. Mwalimu wao wa hisabati aliwafundisha hivyo: anza kwenye kifundo cha kidole cha shahada, ita Januari. Bonde linalofuata, Februari. Kifundo, Machi. Mwezi unaoangukia kifundo una siku 31, unaoangukia bonde hauna. Ni njia nzuri na haijawahi kumdanganya mtu.

"Hesabu nikuone," alisema mwalimu mkuu.

"Januari, kifundo. Machi, bonde. Aprili, ki..."

"Ngoja. Februari iko wapi?"

"Niliiruka, mwalimu."

"Uliiruka?"

"Bonde ni siku 30. Februari haina siku 30, ina 28, na mwaka mwingine 29. Nikaona haina pa kukaa."

Mwalimu mkuu alifungua mdomo, akaufunga. Akakunja ngumi yake mwenyewe, mswaki ukichomoza katikati ya vidole, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nyuma ya geti watu wazima watatu nao walikuwa wamekunja ngumi. Kosa hilo Sefu alikuwa nalo tangu mwanzo wa mwaka, ila mwisho wa Machi shule ilikuwa likizo, hapakuwa na ubao wa kuandikia, likapita bila kuonekana.

"Na jana jioni mstarini sikutangaza kwamba kesho hatuji?"

"Jana jioni nilikuwa nafunga madirisha, mwalimu." Na hilo lilikuwa kweli. Kiranja wa kengele akishapiga ya mwisho huzunguka madarasa yote kufunga madirisha, na matangazo hayamkuti. Lakini hapa Sefu aliacha kitu. Walipoagana njiani, rafiki yake Daudi alimwambia, "Haya, tuonane Alhamisi." Sefu alidhani Daudi amepanga kutega Jumatano, na kwa kuwa ni rafiki yake, alikuwa amejiandaa kumtungia udhuru. Aliuandaa usiku mzima. Daudi angekuwa anaharisha.

Nyumbani nako hapakuwa na wa kumwambia. Mama ni muuguzi na alikuwa zamu ya usiku. Baba alitoka alfajiri na fulana mpya ya chama cha wafanyakazi, na Sefu alipoiona usiku inapigwa pasi alijua ni maandalizi ya mapema tu, maana baba ni mtu wa maandalizi. Bibi ndiye aliyemfungulia mlango, na bibi hana habari na tarehe. Kwake kuna siku za mvua na siku za jua.

Majirani walianza kutawanyika, wengine wakicheka, wengine wakilalamika kwamba usingizi ukishakatika haurudi. Watoto hawakuondoka. Walikuwa wamejipanga mstari, kwa urefu, kama walivyozoea. Mwalimu mkuu aliwatazama, na ualimu ukamshinda nguvu.

"Haya. Nani anajua kwa nini tarehe 1 Mei watu wanapumzika?"

Hakuna aliyejua. Basi akawaambia, akiwa na taulo lake begani, habari za wafanyakazi wa Marekani waliogoma tarehe 1 Mei mwaka 1886, Chicago ikiwa kitovu, wakidai kazi isizidi muda wa saa nane kwa siku. Akawaambia kuhusu mkutano wa Paris wa mwaka 1889, ulioazimia kwamba tarehe hiyo wafanyakazi wa nchi mbalimbali waandamane kwa dai hilo hilo.

"Saa nane za kazi," alisema, "saa nane za kupumzika, na saa nane za mtu kufanya apendayo."

Mzee Bakari alikohoa. "Samahani, mwalimu. Saa ngapi?"

"Nane."

"Mimi nimeingia jana saa kumi na mbili jioni. Mwenzangu wa kunipokea asubuhi amepiga simu, anasema leo ni sikukuu ya wafanyakazi."

Palikuwa na ukimya wa aina yake. Yule msichana aliyekuwa akilia alikuwa anahesabu kwa vidole, na alipofika kumi vikamwishia.

"Na wewe si mfanyakazi?" aliuliza Sefu, kwa dhati kabisa.

"Mimi mlinzi," alisema Mzee Bakari. "Wezi hawajaandamana."

Mwalimu mkuu alitazama geti, akatazama taulo lake. Akasema Mzee Bakari aende akalale, yeye mwenyewe atakaa getini mpaka huyo mwenzake apatikane, na akamtuma Sefu akamletee kiti na gazeti. Mzee Bakari hakungoja kuambiwa mara mbili. Alivua koti la usiku, akamkabidhi mwalimu mkuu tochi, filimbi na ndoo, akatoka. Watoto wakarudi makwao, isipokuwa Sefu, aliyebaki kwa sababu mwalimu mkuu alimwekea daftari mapajani na kumwamuru aandike miezi yote kumi na miwili na siku zake, Februari ikiwamo, mara kumi.

Alhamisi, tarehe 2 Mei, Sefu alifika mapema. Aliuliza tarehe kwa baba, kwa mama na kwa mwenye duka, na wote walikubaliana. Saa moja kamili akapiga kengele ya kwanza. Saa moja na nusu akapiga ya pili, kwa ustadi wake wote. Mstarini walikuwapo yeye, mwalimu wa zamu na darasa la sita waliokuwa zamu ya usafi, ambao siku hiyo, ajabu, walikuwa wamefagia.

Wengine waliingia saa mbili kasoro, wanatembea, wanapiga soga.

"Kengele hamkuisikia?" alifoka mwalimu wa zamu.

"Tuliisikia, mwalimu," alisema Daudi.

"Sasa?"

"Tulidhani ni Sefu."

"Ni Sefu! Kila siku ni Sefu! Ndiye kiranja wa kengele!"

Mlango wa nyumba ya nyuma ya ofisi ukafunguka, mwalimu mkuu akachungulia, mswaki mdomoni, akaona mstari umejaa, akarudi ndani mbio kuvaa viatu.