Jibu kwa Mama Neema

Mama Neema, habari za hapo nyumbani? Bibi yake Neema anaendeleaje na mguu?

Ujumbe wako, kwamba Neema anachanganya Kiha cha bibi yake na Kiswahili, niliusoma jana usiku, nikaona heri nikuandikie kuliko tuongee mlangoni asubuhi huku watoto wanalia. Ondoa hofu. Mtoto wa miaka miwili na nusu anayelelewa kwa lugha mbili kuchanganya Kiha na Kiswahili ni kawaida kabisa.

Hebu itazame tena ile sentensi uliyoniandikia: "Inkoko anakunywa amazi yangu." Wewe umeona kosa, mimi nimeona kazi kubwa. Maneno mawili kayatoa kwa bibi yake, lakini kuku kampa "a" yake na maji kayapa "ya" yake, sawasawa na Kiswahili kinavyotaka. Hajavuruga kitu. Neno la bibi lilimjia mdomoni kwanza, akalitumia, na sentensi ikasimama. Tena hapa kituoni akiwa na kiu ananiambia "maji", hajawahi kuniambia "amazi". Tayari anajua nani anaongea nini, na umri wenyewe ndio huo! Hata sisi wakubwa, ukipita soko la Mwanga hapa Kigoma utasikia mtu anasalimia kwa Kiha, bei anaitaja kwa Kiswahili.

Hao wanaokushauri umkataze bibi kuongea Kiha na mjukuu wake, tafadhali usiwasikilize. Bibi ndiye anayeshinda naye, anamwimbia, anamsimulia, anamgombeza. Ukimlazimisha aongee lugha asiyoizoea, atabaki na "njoo", "kaa", "kula", basi, na atakayepungukiwa ni Neema. Kiswahili hakitamkosa: kipo kwako, kipo hapa kwetu, kipo kwa wenzake, na shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili.

Akichanganya, usimkatize, usimcheke, wala usimwambie "sema vizuri". Mjibu tu: "Eeh, kuku anakunywa maji yako! Mfukuze." Neno kalisikia, na maongezi yanaendelea. Na ukihesabu maneno anayoyajua, jumlisha ya lugha zote mbili, maana ukihesabu ya Kiswahili peke yake utamwona amechelewa wakati hajachelewa.

Ambacho kingenitia wasiwasi ni mtoto aliyetimiza miaka miwili na haunganishi hata maneno mawili kwa lugha yoyote, au haitiki akiitwa, au alikuwa anaongea kisha maneno yakaanza kupotea. Huyo ningekuambia umpeleke hospitali wiki hiihii, wampime na masikio. Neema hana hata dalili moja kati ya hizo.

Ijumaa saa tatu asubuhi tuna hadithi. Kama mguu unamruhusu, mwombe bibi aje awasimulie watoto kwa Kiha. Wengi watamwelewa, na nitamwekea kiti.

Mwalimu Zuhura