Kwa nini nyumba kwanza, boti baadaye: maneno ya ami kwenye kikao cha warithi, Lamu

Bismillahi Rahmani Rahim. Asalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Shemeji, na nyinyi wanangu Athman, Salim, Zuhura, Amina na Swafiya. Mlinitaka mimi na khalu yenu tuketi na mipango miwili, tuipime, kisha tuwaambie ule tuliouchagua na sababu zake. Tumechagua mpango wa Zuhura wa kutengeneza nyumba. Mpango wa Athman wa boti ya kuvusha abiria kwenda Mokowe si mbovu, na mtanisikia nikisema hivyo tena.

Kwanza tuweke pesa mbele ya macho. Shamba limeuzwa 3,410,000. Deni la marehemu baba yenu na gharama za maziko zilikuwa 210,000, zimelipwa kabla ya mtu kugusa chochote. Zimebaki 3,200,000. Kadhi amegawa kwa aya ya 11 na ya 12 za Surat An-Nisaa: mama yenu thumuni, yaani 400,000, zilizobaki ni mafungu saba, mwanamume mawili na mwanamke moja. Athman na Salim 800,000 kila mmoja, Zuhura, Amina na Swafiya 400,000 kila mmoja. Hilo halijadiliwi hapa. Kinachojadiliwa ni nusu ya kila fungu, ambayo mlikubaliana wenyewe kuitia kwenye mfuko mmoja: jumla 1,600,000. Nusu ya pili kila mtu ana yake mkononi.

Sasa boti. Athman ameleta bei za kweli. Boti ya faiba ya futi 26 iliyotumika 950,000, injini mpya ya farasi 40 kwa 480,000, jaketi za kuokolea, nanga, ukaguzi na leseni 130,000. Jumla 1,560,000. Hesabu yake ya mapato ni raundi sita kwa siku, abiria kumi kwenda na kumi kurudi, nauli 150. Hiyo ni 18,000 kwa siku. Petroli lita 45 na oili yake, lita moja ya oili kwa kila lita 50 za petroli, anaihesabu 9,000. Nahodha na utingo 2,500. Inabaki 6,500 kwa siku. Kwa siku 26, ni 169,000 kwa mwezi. Mtu akiona tarakimu hiyo hulala akiota.

Lakini injini haijui kama viti vina watu. Raundi ikienda nusu tupu, petroli inayochomwa ni karibu ile ile. Kwa raundi sita za nusu abiria mapato ni 9,000, petroli 9,000, na nahodha bado anangoja 2,500 zake. Siku hiyo mmefanya kazi ya hasara tangu asubuhi mpaka magharibi. Athman alijibu vizuri: basi tutangoja ijae. Sawa, lakini gatini mnapakia kwa zamu. Ukingoja ijae, hupati raundi sita, unapata tatu. Raundi tatu zilizojaa ni 9,000, toa petroli 4,500, toa 2,500, zinabaki 2,000 kwa siku. Kwa mwezi 52,000. Hapo sijatoa chochote cha matengenezo, na injini ya maji ya chumvi inakula: plaga, impela ya pampu ya maji ikimeza mchanga, propela ikigonga mwamba maji yakiwa yametoka. Ukitenga 15,000 kwa mwezi kwa hayo na kwa injini ya kesho, mnabaki na 37,000.

Hizo 37,000 ni nyingi kuliko kodi ya nyumba. Nasema wazi ili mtu asije akasema tulificha. Kama swali lingekuwa mwezi upi utaingiza zaidi, boti ingeshinda.

Swali letu lilikuwa: je, pesa hizi ni za nani, na zinaweza kupotea kiasi gani? Ndani ya zile 1,600,000 kuna 200,000 za mama yenu, ambaye hana mshahara, na 200,000 za Swafiya, ana miaka kumi na sita, msimamizi wa mali yake kwa amri ya Kadhi ni mama yake. Mali ya mtoto haiingizwi kwenye biashara ya kubahatisha halafu tukaomba radhi. Boti ni ushirika: faida mnagawana mlivyokubaliana, hasara inamfuata kila mtu kwa kadiri ya mtaji wake. Injini ikizama, Swafiya kapoteza na yeye. Kutengeneza nyumba kwake si biashara. Nyumba tayari ni yake kwa fungu moja katika manane, kama ilivyo yenu. Pesa yake inakwenda kulinda kitu anachomiliki, na kitu hicho hakizami.

La pili, na hili ndilo lililotusukuma zaidi: nyumba haingoji. Tulipanda na fundi msana wa juu. Kuna boriti kumi na nne. Fundi alichoma kisu penye kichwa cha kila boriti, pale inapoingia ukutani. Tano kisu kilizama mpaka mpini. Katikati ya boriti ni nzima, ukiitazama kutoka chini huoni kitu, lakini kichwa kimeoza kwa sababu dari juu yake inavuja na maji yanakaa ndani ya ukuta. Masika ikishika na dari ikashuka, mtajenga upya chumba kizima, na bei haitakuwa hii. Boti yaweza kununuliwa mwaka kesho au wa kesho kutwa.

Sasa mpango wa Zuhura wenyewe, na tulivyoubadilisha. Aliweka 1,480,000: dari na boriti 520,000, kukwangua saruji na kupiga chokaa 340,000, choo na mabomba 260,000, umeme 140,000, milango na madirisha 130,000, vibali, jahazi na punda 90,000. Akiba ilibaki 120,000. Kwa nyumba kongwe hiyo haitoshi, ukifungua ukuta mmoja unakuta jambo ambalo hakuna aliyelijua. Tumepunguza milango hadi 80,000. Mlango mkuu unarekebishwa, haubadilishwi. Akiba sasa ni 170,000, na haiguswi bila sahihi tatu: ya mama, ya Athman na ya Zuhura.

Kuhusu boriti, nataka ieleweke, kwa sababu hapa ndipo watu huibiwa. Zinanunuliwa kwa korija, korija moja ni ishirini. Tunazohitaji ni boriti, si mazio. Mazio ni nyembamba, na fundi mwenye haraka huchomeka mazio penye boriti kwa sababu ni rahisi na ukishapiga chokaa hazionekani. Salim atakuwa gatini na kipimo siku zinaposhushwa, kichwa kwa kichwa, na muuzaji aonyeshe kibali cha misitu, maana mikoko haikatwi ovyo. Zikaushwe kivulini kabla ya kupanda juu.

Kuhusu saruji: ule ukuta wa tekani marehemu aliupiga saruji akidhani anauimarisha. Jiwe la matumbawe linavuta unyevu kutoka chini na linataka kuutoa nje. Chokaa inauruhusu upite. Saruji inauziba, chumvi inakusanyika nyuma yake, na ndiyo maana mnaona plasta ikivimba na kuanguka vipande kila mwaka. Yote ikwanguliwe, ukuta uachwe upumue, kisha chokaa na mchanga, moja kwa tatu, safu nyembamba, ikimwagiwa maji kidogo isipasuke. Mchanga usitoke ufuoni, una chumvi yake. Ndiyo maana Zuhura alihesabu jahazi. Chokaa haina haraka, na kwa hiyo hatukubali miezi minne aliyoandika. Tumeandika sita, na mpangaji wa kwanza mwezi wa saba.

Zuhura alihesabu pesa za vibali, lakini alisahau muda wa kuviomba. Mji wetu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na huwezi kubadilisha sura ya nyumba bila ofisi ya hifadhi ya Makumbusho kuona michoro. Ombi liende kabla ya jiwe moja kutoka. Fundi akishaanza halafu akasimamishwa, anakudai siku zake.

Mapato, zote mbili zikipangishwa kwa watu wa kukaa: vyumba vya chini 12,000, ghorofa ya juu 18,000, mama anabaki katikati kwake. Ni 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Hiyo inapita 288,000, kwa hiyo KRA wanachukua asilimia 7.5 ya kodi yote, yaani 2,250, na inalipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Amina ndiye wa hilo, ana utulivu wa makaratasi. Tutenge 3,750 za ukarabati. Zinabaki 24,000, mafungu manane, 3,000 kila fungu: mama 3,000, Athman na Salim 6,000 kila mmoja, mabinti 3,000 kila mmoja. Nyumba ikikaa tupu mwezi, hakuna mgao mwezi huo, na asilaumiwe Zuhura.

Athman, mwanangu. Najua ulizunguka gatini wiki mbili kuuliza bei, na karatasi yako ilikuwa safi kuliko ya dada yako. Una 400,000 zako mkononi. Salim akitaka kuungana nawe ni hiari yake, na ikiwa hivyo andikeni mkataba: nani ametoa nini, nani anafanya kazi, faida inagawanywaje. Anza na boti ndogo ya kuzungusha kwa zamu, shika daftari la raundi na abiria kwa miezi sita, raundi kwa raundi, siyo kwa makisio. Ukileta daftari hilo hapa tutakaa tena, na mgao wa nyumba utakuwa umeanza kuingia.

Malipo ya fundi ni manne: robo boriti zikifika na kuhesabiwa, robo dari ikifungwa, robo chokaa ya safu ya kwanza ikikauka, robo ya mwisho baada ya mvua moja kunyesha na sisi kupanda kutazama kama inavuja. Akitaka nusu mbele, tafuteni fundi mwingine.

Daftari hili hapa. Shemeji, tuanzie kwako, tia sahihi kwa fungu lako, na chini yake tena kwa fungu la Swafiya. Kisha Athman.