Yah: Ombi la kupunguziwa kodi kwa kukosa maji tangu tarehe 3 Agosti

Goba, Dar es Salaam
20 Oktoba 2025

Baba Asha,

Shikamoo. Natumaini safari ya Morogoro ilikuwa njema na mama anaendelea vizuri na mguu.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mtandao unakatakata na jambo lenyewe linahusu hesabu. Tangu pampu ya kisima ilipoungua tarehe 3 Agosti, hadi jana zimetimia siku 78 bomba halijatoa hata tone. Fundi uliyemtuma alikuja mara moja, akaitoa pampu, akasema mota inabidi isukwe upya, akaondoka nayo. Hatujamwona tena. Simtanki iko juu ya mnara wake, kavu.

Nanunua ndoo sita kwa siku kwa kijana wa mkokoteni, shilingi 500 kila ndoo ya lita 20. Ni 3,000 kwa siku, na kwa siku hizo 78 ni 234,000. Yeye hatoi risiti, ila nimeandika kila siku kwenye daftari, ukija nitakuonyesha. Ndoo sita kwa watu watano ni kupikia, kuoga na vyombo tu. Nguo napeleka kwa dada yangu Mbezi kila Jumamosi. Kinachonitesa zaidi ni choo. Choo cha ndani bila maji, Baba, hakikaliki, na mwanangu wa mwisho ana miaka minne, huwezi kumwambia asubiri ndoo ifike. Maji ya kufulia yangekuwepo tungeyamwagia humo. Hayapo.

Mkataba wetu, kipengele cha nne, unasema nyumba ina maji ya kisima ndani ya kodi ya 220,000. Ni kwa sababu hiyo nilikubali bei hiyo mwaka 2021, maana nyumba za jirani zisizo na maji zilikuwa nafuu.

Naomba unipunguzie 50,000 kwa kila mwezi, yaani Agosti, Septemba na Oktoba, jumla 150,000. Sidai gharama yote ya ndoo, najua pampu nayo itakutoa pesa. Kodi ya miezi sita inaanza tarehe 1 Novemba, hivyo badala ya 1,320,000 nilipe 1,170,000. Maji yakichelewa zaidi ya hapo, punguzo la 50,000 liendelee kila mwezi hadi yatakaporudi.

Miaka minne hii sijawahi kuchelewesha kodi, nawe hujawahi kunipandishia. Nyumba naipenda na sitaki kuhama. Naomba tu unijibu kwa maandishi kabla ya tarehe 28, ili nijue nikutumie kiasi gani, na uniachie namba ya fundi nimfuatilie mwenyewe, kwa kuwa mimi niko karibu naye.

Wasalimie nyumbani.

Mpangaji wako,
Mama Rehema, nyumba ya nyuma