Mapitio ya aikoni za programu ya usafiri: duru ya kwanza

Mdogo wangu, habari za kazi. Nimezipitia aikoni zote 36 ulizotuma, kwanza kwenye kompyuta, halafu kwenye simu ya bei ya chini nikiwa nimesimama juani, maana abiria wetu atazitazama kituoni saa saba mchana. Mkono wako ni mzuri. Hata hivyo, nisingependa seti hii iende kwa waandika programu kabla hatujarekebisha haya.

Nianze na unene wa mstari. Tulikubaliana gridi ya pikseli 24 na mstari wa 2. Aikoni za tiketi, ramani na wasifu zinaonekana nyembamba kuliko nyingine. Nilipofungua faili nikaona sababu: ulizichora kwenye fremu ya 32, kisha ukazipunguza hadi 24, na mstari nao ukapungua ukawa 1.5. Kwenye skrini yenye pikseli chache mstari huo hauwezi kukaa sawasawa, kingo zake zinafifia. Usizivute tu. Zichore upya kwenye 24, na katikati ya kila mstari pakae kwenye namba kamili ili kila mstari ujaze pikseli mbili nzima. Pia acha kutumia Outline Stroke kabla hatujamaliza mapitio. Ukishageuza mstari kuwa umbo, hatuwezi tena kubadili unene kwa namba moja. Kila faili ianze hivi:

```svg
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 24 24" fill="none"
  stroke="currentColor" stroke-width="2"
  stroke-linecap="round" stroke-linejoin="round">
```

Kwenye kona, nimekuta nusu kipenyo cha 2, cha 3 na cha 4 ndani ya seti moja. Tubaki na 2, ikipimwa katikati ya mstari. Kwa mstari wa 2, kona ya nje itakuwa 3 na ya ndani 1, na ndiyo sura tunayoitaka. Umbo dogo lililo ndani ya jingine, kama dirisha la basi, lipewe 1. Ukilipa 2 litaonekana kama tundu la duara.

Duara la saa na mraba wa kalenda umevipa upana uleule wa 20. Kwa namba ni sawa, kwa jicho mraba unaonekana mkubwa. Ushushe mraba hadi 18.

Sasa maana, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mstari ukikosewa abiria haumii, lakini alama ikikosewa anapanda gari siyo lake.

Daladala na mwendokasi umevitofautisha kwa urefu tu. Vikikaa kwenye orodha, kimoja juu ya kingine, sikuweza kuvijua haraka. Mwendokasi mpe kiungo cha katikati, kile cha kupinda. Usijaribu kuchora mikunjo yake yote: mistari mitatu pamoja na nafasi mbili kati yake inakula pikseli 10. Mwanya mmoja wa pikseli 2 kati ya mabehewa mawili unatosha. Bajaji nayo umeichora kwa ubavu, ikaonyesha magurudumu mawili, ikawa gari dogo. Ichore kwa mbele: gurudumu moja katikati, kioo, na turubai juu.

Pantoni ya Kigamboni umeipa tanga. Mtu wa Dar akiona tanga anafikiria jahazi, na tukija kuongeza boti za Zanzibar tutakuwa tumechanganya vyombo viwili visivyokwenda sehemu moja. Chora sitaha bapa yenye mlango wa kupandia magari upande mmoja, na mawimbi chini. Hakuna chombo kingine kwenye programu chenye sura hiyo.

Akiba umeweka nguruwe. Itoe. Watumiaji wetu wengi ni Waislamu, na hata asiye Mwislamu hapa hakulelewa akiweka sarafu ndani ya nguruwe. Alilelewa na kibubu. Chora kisanduku chenye tundu juu na sarafu moja inayoingia. Kinaweza kufanana na sanduku la kura, kwa hiyo sarafu iwe duara kamili, na neno «Akiba» lisiondolewe chini yake. Ile alama ya dola kwenye nauli nayo iwe TSh.

Kijivu cha aikoni zisizochaguliwa kimepauka mno. Uwiano wake na rangi ya nyuma ufike angalau 3:1.

Anza na vyombo vya usafiri, kisha akiba na nauli, zilizobaki zifuate. Ukinirudishia hizo tutazichapa bila maneno na kwenda nazo kituo cha mwendokasi cha Gerezani, tuwaulize abiria kila moja ni nini. Ambayo wengi wataitaja vibaya tutaichora upya, hata kama mimi na wewe tunaipenda.

Kaka yako