Ripoti ya Maabara: Upitishaji Joto wa Alumini, Shaba Njano, Chuma Kisichoshika Kutu na Graniti

Mahali: Maabara ya uhamishaji joto, Mwanza. Joto la chumba 27 °C.

Njia. Fito za kipenyo cha mm 25 na urefu wa mm 90 zilipashwa juu kwa hita ya umeme na kupozwa chini kwa maji ya bomba ya 24 °C. Msukumo wa bomba hupanda na kushuka, hivyo maji yalipitia kwanza tangi dogo lenye kimo kisichobadilika. Ufito ulizungushiwa sufi ya kioo. Themokapo za katikati zilipima tofauti ya joto ΔT katika mm 30. Graniti, iliyokatwa kwenye mwamba wa hapa Mwanza, ilikuwa kisahani cha mm 5 kilichobanwa kati ya vipande viwili vya shaba njano.

k = QΔx / (AΔT), A = 4.91 × 10⁻⁴ m²

Hapa k ni upitishaji joto, A ni eneo la mkato wa ufito, na Δx ni umbali ambao ΔT ilipimwa: mm 30, au mm 5 kwa graniti. Q ni joto lililopokelewa na maji kwa sekunde, linalopatikana kutokana na mtiririko wa maji na kupanda kwa joto lake, si umeme ulioingia.

Hali thabiti. Tulisoma vipimo pale tu themokapo zote zilipobadilika chini ya 0.1 °C kwa dakika 10. Alumini na shaba njano zilitulia ndani ya nusu saa. Chuma kilichukua karibu saa mbili, na ndicho kinachodanganya: mapema, sehemu ya chini huonekana imetulia huku ya juu ikiendelea kuhifadhi joto. Grafu ya joto dhidi ya umbali huonyesha hilo waziwazi, kwani mstari hupinda, mkali zaidi upande wa hita.

Matokeo

| Kitu | Umeme (W) | Maji (W) | ΔT (°C) | k (W/m·K) |
|---|---|---|---|---|
| Alumini (aloi) | 20.0 | 18.9 | 7.0 | 165 |
| Shaba njano | 20.0 | 18.6 | 9.9 | 115 |
| Chuma kisichoshika kutu | 5.0 | 3.7 | 14.6 | 15.5 |
| Graniti | 5.0 | 4.2 | 17.8 | 2.4 |

Uvujaji wa joto. Shaba njano na chuma zote zilifikia takriban 72 °C kwenye hita, na zilivuja karibu sawa: 1.4 W na 1.3 W. Uvujaji hufuata joto la hita kuzidi chumba, haujali ufito ni wa nini. Lakini kwa shaba njano hiyo ni 7% ya umeme, kwa chuma ni 26%. Tungetumia umeme kama Q, chuma kingepata k ya 20.9, wakati thamani ya kawaida ni kama 15.

Kwa chuma tulipunguza maji kutoka 1.67 g/s hadi 0.60 g/s ili yapande 1.5 °C, kwani kwa mtiririko wa awali yangepanda nusu digrii tu, na kosa la 0.1 °C lingekula tano moja ya jibu.

Namba ya graniti ichukuliwe kama kikomo cha chini. ΔT yake imebeba pia ukinzani wa maungio mawili, hata baada ya kupakwa mafuta ya kupitisha joto. Kupima visahani vya mm 5 na mm 10 na kutoa moja kwa nyingine kutauondoa ukinzani huo.